Tazama: Udongo Mtupu

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kingekuwa kibaya ningekicheka, ningekichana nikawashia moto jikoni, basi, mambo yangekwisha. Lakini kilikuwa kitabu safi, kimeshonwa kwa uzi, herufi zake hazichoshi macho, na kwenye kurasa za mwisho palikuwa na maneno niliyoyachagua mimi mwenyewe, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Wazungu waliyaita lexique. Sisi pale biro, ofisini kwetu, tulisema leksiki: maneno magumu ya kitabu, yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na maana yake fupi, ili msomaji akikwama katikati aende nyuma akatafute.

Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga, na mimi pia. Nyumbani tulikuwa watu wa milima ya Masisi, watu wa maharage na mihogo, watu wa kanisa tangu babu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alilima mashamba matatu aliyoachiwa: mawili karibu na nyumba, la tatu juu kwenye mteremko, na mimi nilikuwa kalani wa kituo cha kilimo, juu ya barabara inayotoka Sake kwenda Mushaki. Kazi yangu ilikuwa mashini ya kuandika. Asubuhi ukungu uliingia hadi mezani, vidole vikakataa kupiga, ukavipulizia kwanza kama unavyopulizia kuni mbichi.

Mkubwa wetu alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, Muzungu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha. Watu walisema ni mkali. Mimi nasema alikuwa mtu wa kupenda kazi yake, na mtu wa namna hiyo unaweza kumwogopa kuliko mkali. Alikuwa anatunga kitabu cha moniteri wa kilimo, wale vijana wetu waliotembea vilima kuonyesha watu namna ya kupanda kwa mstari na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Alitaka kitabu kiwe kwa Kiswahili, na alikuwa na haki, kwa sababu moniteri wengi Kifaransa chao kiliishia kwenye bonjour.

Siku moja akaleta boksi la sukari ya vipande, tupu, akaliweka mbele yangu. Ndani alikuwa amepanga vikaratasi vigumu, kila kimoja na neno moja juu yake.

"Kila neno na nyumba yake," akasema. "Maana yake isipite mistari miwili. Na neno moja, kitu kimoja. Tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."

Wimbo wake ulikuwa huo, neno moja kitu kimoja, na mimi, sitaki kusema uongo, niliupenda. Nilipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye. Kwanza nilimshika yeye mwenyewe: sura ya pili aliandika "kamba ya kupimia", sura ya nne kamba ile ile imekuwa "mita ndefu". Moniteri atadhani ni vyombo viwili, atakwenda dukani kuomba cha pili! Akacheka mpaka akakohoa, akanipa kalamu nyekundu niende kusahihisha. Halafu akanishika mimi. Nilikuwa nimeandika kwamba mbegu ni kile kinachopandwa, na kupanda ni kutia mbegu udongoni. Akaweka vikaratasi viwili uso kwa uso, akaniuliza: mtu asiyejua hata kimoja atatokea wapi? Kweli, nilikuwa nimemfungia msomaji katika chumba kisicho na mlango. Tukaandika upya: mbegu, punje au kipande cha mmea kinachoweza kuzaa mmea mwingine. Hapo mtu anapumua.

Tukajiwekea sheria. Maana ianze na kusema kitu hicho ni cha jamii gani, chombo, au kazi, au mmea, au udongo, kisha ndipo useme kinachokitenga na ndugu zake. Usieleze neno kwa neno gumu kuliko lenyewe. Vitu vya jamii moja vielezwe kwa namna moja: ukitaja ukubwa wa jembe moja, taja na wa mengine, ama usitaje hata moja. Na neno liwe lile ambalo watu wanalo mdomoni. Agronome alikuwa na kamusi ya Kiswahili cha pwani, na humo alipata "mmomonyoko". Neno tamu, limejaa kinywa. Tuliuliza mkulima baada ya mkulima, hakuna aliyelijua. Mmoja aliuliza kama ni ugonjwa wa kuku. Tukaandika "kuchukuliwa kwa udongo", na kila mtu akatikisa kichwa, ndiyo, hiyo tunaijua, imekula kilima chote cha shangazi yangu.

Kupima maneno tulikuwa na namna yetu. Unafunika neno kwa kidole, unamsomea mtu maana peke yake, unamwuliza: hiki ni kitu gani? Akilitaja, kikaratasi kinarudi kwenye boksi. Akitaja kitu kingine, umekosa, andika tena. Na asisaidiwe. Ukimsaidia, umejipima wewe.

Mpimaji wetu mkubwa alikuwa moniteri mmoja mtu wa Walikale, wa upande wa Hombo, aliyeletwa kituoni kwa mafunzo. Mtu wa mzaha, meno yote nje. Mimi aliniita Kaka Kalani. Nikifunika neno anajifanya mganga, anafumba macho, anashika kipaji cha uso. "Ninaona... ninaona chombo ya chuma... iko na mupini... Kaka Kalani, ni ile jembe yenye uliiba kwa stoo!" Tulicheka sana mle biro. Alipokosa alikubali bila kununa, na kukosa kwake kulitusaidia kuliko kupata kwake.

Ndiye aliyenipa shida ya kwanza ya neno langu. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya kupumzisha udongo, na mama yangu nyumbani alisema tu "shamba inapumuzika", basi nikaandika kichwa cha kikaratasi: shamba la pumziko. Maana: shamba lisilolimwa kwa misimu miwili au mitatu ili lipate nguvu. Yule wa Walikale akakataa. "Kaka, kwetu misimu mbili ni nini? Kwetu shamba inalala mpaka inakuwa pori. Mutoto anazaliwa, anaoa, njo wanarudi kulima." Agronome alimwamini nusu, kwa hiyo tukapanda lori tukashuka Walikale kuona. Kweli bwana. Tulisimama mbele ya msitu, miti minene, mimi naona msitu tu. Yule moniteri akaonyesha michikichi mitatu katikati. "Ile alipanda babu wa huyu papa," akasema, na papa huyo, mzee wa pale aliyetupokea, akatikisa kichwa kwa heshima, akatuonyesha hadi mwisho wa shamba lake, ndani ya giza la miti, mahali ambapo mimi nisingejua kama pana mwisho. Kwetu Masisi si hivyo, kwetu unabakiza migomba kwenye kona na mti wa mpaka, majani yanaota katikati, na jirani hathubutu kufunga hata mbuzi bila kukuomba.

Nilirudi nimefurahi. Nilijua sasa neno langu lina nini ndani yake. Si misimu, si urefu wa majani. Nikaandika: shamba lenye mwenyewe, lililoachwa bila kulimwa ili lipate nguvu. Mistari miwili kamili, na nafasi kidogo ya kupumulia. Linafaa Masisi, linafaa Walikale. Nililisoma mara nyingi njiani kama mtoto aliyepewa shati jipya.

Agronome alilisoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata "lenye mwenyewe".

"Kwa nini?" nikauliza.

"Angalia ndugu zake." Akatoa vikaratasi vyote vya udongo akavipanga mezani: udongo mweusi, udongo wa mteremko, udongo wa bondeni. "Wapi tumetaja mwenyewe? Hakuna. Sheria ni yako na yangu. Ama tunataja kwa wote, ama hatutaji. Na pia moniteri anaandika kile macho yake yanaona. Mwenyewe, unamwona? Ana rangi gani?"

Nikasema kwamba mwenyewe anaonekana, anaonekana kwa migomba na kwa mti wa mpaka. Akajibu migomba si maana, migomba ni mfano, na mifano hatuiweki katika leksiki, tuliikataza pamoja. Ni kweli tuliikataza. Mimi ndiye niliyeikataza kwa sauti kubwa, ilipokuwa ya wengine.

Akakata na "ili lipate nguvu". Nguvu haionekani kwa macho, hiyo ni nia ya mtu. Kilichobaki akakiandika upya kwa yale tu yanayoonekana, kikasomeka hivi: udongo uliolimwa zamani, sasa una majani.

Pembeni yake kulikuwa na kikaratasi kingine ambacho hakikutoka kwetu. Kilitoka kwenye karatasi za Leta, yaani serikali, neno la Kifaransa ambalo agronome alilitafsiri mwenyewe: udongo mtupu. Maana: udongo usiolimwa, wenye majani tu. Wakati ule wakoloni, wale Wazungu wenye mashamba yao wenyewe, walikuwa wanapanda Masisi kutafuta mahali pa ng'ombe na pa pareto, na kabla ya kupewa ilibidi watu wa Leta wapite kuona kama udongo ni mtupu au si mtupu. Hilo kila mtu alilijua. Hata mtoto wa kuchunga alilijua. Ndiyo maana nilikuwa naganda pale mbele ya meza kama mtu aliyefumaniwa, naangalia vikaratasi viwili vilivyofanana kama mapacha, na shamba la juu la mama yangu lilikuwa na majani ya kiuno mwaka ule.

"Vitu viwili hivi si kimoja," nikasema.

"Tutapima," akasema.

Ijumaa ilikuwa siku ambayo kina mama walileta mbegu za maharage za kwao, kwa sababu kituo kilizipanda kujaribu. Mama yangu alikuja na kikapu chake, amevaa kitambaa cha kanisa kama kila anapokuja biro, akakaa kwenye benchi la ukumbini, miguu pamoja. Agronome akamwona kupitia dirisha.

"Huyu ni mkulima?"

"Ni mama yangu."

"Vizuri. Hajui vikaratasi vyetu. Mwite."

Nilifurahi, mjinga mimi! Nilisema moyoni, sasa atakutana na mtu. Mama akaingia, akasalimu kwa kupiga magoti kidogo, nikambembeleza akae kwenye kiti. Nikamweleza ni mchezo wa maneno: atasomewa maana, aseme ni kitu gani. Akasema sawa, kama ni katekisimu anaweza.

Agronome akafunika neno kwa kidole, akasoma polepole, kwa Kiswahili chake kinachotembea kwa fimbo. "Udongo uliolimwa zamani, sasa una majani."

Mama akatabasamu. "Aa, hiyo! Si ile shamba yangu ya kule juu, yenye inapumuzika!"

Agronome akaniangalia kama mtu anayenipa haki yangu. Akachukua kikaratasi cha pili, akafunika neno. "Udongo usiolimwa, wenye majani tu."

Nilimwona mama anafikiri. Alizunguka vilima vyote kichwani mwake, nina hakika, alipita kwa jirani wa chini, akapita kwa wale wa ng'ambo ya mto, kwa shemeji zake, na kila mahali aliona uso wa mtu. Alitaka kujibu vizuri kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ndiye kalani. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo:

"Njo ile ile, Papa. Shamba yangu ya juu."

"Mama, fikiria tena," nikasema. "Udongo yenye haina mwenyewe."

"Usimsaidie!" akasema agronome.

Lakini mama alikuwa amekwisha kusikia, na akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kona ya kitambaa. "Haina mwenyewe? Iko wapi hiyo? Kule mbinguni?"

Agronome naye akacheka. Alicheka kweli, kwa moyo, mpaka kikohozi kikamkamata, na mama akampa pole. Akamshukuru, akamtoa nje mwenyewe, akamfungulia mlango. Halafu akarudi mezani, akaviweka vikaratasi viwili kimoja juu ya kingine.

"Umeona? Kwa watu wenyewe ni kitu kimoja. Neno moja, kitu kimoja."

Nilimwambia: hapana, amesema hakuna udongo usio na mwenyewe. Amesema hicho kitu cha pili hakipo duniani. Kama hakipo, kitupe hicho, ubakize cha kwanza! Nilipiga meza. Sikuwahi kupiga meza ya Muzungu kabla ya siku ile, na sijui nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba neno la Leta haliwezi kutupwa, kwa sababu liko katika karatasi nyingine nyingi, na kitabu kikitumia neno lingine moniteri watachanganyikiwa. Yaani moniteri ndio wa kuhurumiwa.

"Lakini lako halifutwi," akaongeza. "Linabaki kwa alfabeti, mahali pake. Mtu akilitafuta ataonyeshwa pa kwenda."

Akaandika kwa mkono wake, chini ya shamba la pumziko: tazama udongo mtupu.

Ni kazi halali kabisa. Leksiki yoyote nzuri inafanya hivyo; maneno mawili kwa kitu kimoja, unachagua moja, lingine unalitia kidole cha kuonyesha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi na kufurahia unadhifu wake. Sasa kidole kilikuwa kinaelekea kwenye mlango wa mama yangu.

Na si hilo tu. Neno likibadilika nyuma, lazima libadilike na ndani. Wiki iliyofuata nilikaa na mashini, nikapita sura nzima ya kupumzisha udongo, kila palipoandikwa shamba la pumziko nikapiga udongo mtupu. Mpaka leo sura ile inasema: "Udongo mtupu hurudisha nguvu, na mkulima mwema huutunza." Mtunze mtupu! Soma mwenyewe kama una akili, uniambie. Nilimwonyesha agronome sentensi ile. Akasema si nzuri, lakini inakubaliana na leksiki.

Baada ya hapo nilipiga barua moja fupi ya kwenda kwa moniteri wote: katika ripoti, tumieni maneno yaliyo katika leksiki, yasiongezwe mengine. Aliweka sahihi. Kitabu kikaenda kuchapwa, kikarudi. Agronome alinipa cha kwangu, ameandika ndani kwamba bila mimi kisingekuwepo.

Kisha akaja mkoloni aliyetaka mahali pa ng'ombe. Sina la kusema juu yake, sikumwona uso. Niliona tu moshi wa gari lake barabarani. Alionyesha mteremko, Leta ikatuma watu wa kuupima, na pamoja nao moniteri wa kuandika udongo ulivyo. Na moniteri huyo, Mungu na mambo yake, alikuwa yule wa Walikale, aliyehamishiwa kwetu msimu ule baada ya mwenzake kuugua.

Nilikuwa nimetumwa Sake kupokea mizigo ya kituo. Niliporudi nilimkuta amekaa ukumbini, kwenye benchi lile lile, kofia mkononi. Hakunisalimu kwa mzaha. Nikajua.

"Kaka Kalani," akasema, "nilijua ni ya mama yako. Niliona migomba kwa kona. Mama mwenyewe alikuja, akasema, mimi njo mwenyewe, inapumuzika. Nikamwambia ule wa Leta: hii iko na mwenyewe. Akaniuliza, katika kitabu yako inaitwa nini?"

"Ukasema nini?"

"Nilifungua. Nilitafuta neno yako, ile tulienda kuona mpaka kwetu. Nikaikuta. Ikaniambia tazama kule. Nikatazama kule."

Nilimtukana. Nilimwita mwoga, nilimwita mtu wa msituni, maneno ambayo mtu hamwambii rafiki. Ungeandika hivyo hivyo! nikampigia kelele. Ungeandika shamba inapumuzika, kalamu ilikuwa mkononi mwako!

Akanisubiri nimalize. "Barua ilisema tusiongeze neno," akasema. "Nilijua ni wewe uliipiga. Ile mashini yako herufi e yake iko inaruka."

Ilikuwa inaruka, kweli. Alivaa kofia akaenda zake, na hatukucheka tena pamoja, wala hatukukosana. Tulikuwa tunapeana mkono tu, kama watu wa msibani.

Nilikwenda kwa agronome. Alisikitika, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu masikitiko yake yalikuwa ya kweli na hayakuwa na faida hata ya punje. Akaandika barua kwa Leta. Jibu lilikuja kwamba udongo umeonekana mtupu kwa mujibu wa kitabu cha kituo chake mwenyewe. Alinionyesha. Mwisho akasema katika chapa ya pili wataongeza maneno mawili. Chapa ya pili! Yeye alirudi kwao kabla kitabu hakijaisha stoo.

Miti ya uzio ilisimamishwa kwenye mteremko. Migomba ya kona waliing'oa, mti wa mpaka wakauacha kwa sababu ng'ombe walipenda kivuli chake. Mama alikwenda kuona mara moja tu. Hakulia mbele yangu. Alisema kwamba Leta ni Leta, na ng'ombe ni wanene, na akaniuliza kama nimekula.

Ila shamba si majani, jamani. Mtu mwenye mashamba matatu analima mawili na moja linalala, mwaka ukigeuka linaamka na lingine linalala. Ndivyo alivyotulea. Ukimnyang'anya lile linalolala hujamnyang'anya majani, umeyanyima usingizi yale mengine mawili. Sura ya kupumzisha udongo inaeleza jambo hilo vizuri sana, niliipiga kwa mashini mwenyewe. Mama alilima mawili yale kila msimu bila kupumzika, si mashamba, si yeye, na maharage yakaanza kupungua, kisha yakawa madogo. Mshahara wangu ulinunua mengine kule Mushaki sokoni. Aliyapika bila neno, lakini mbegu ya kununua hakuipenda, alisema haina jina.

Kituo nilikiacha. Nilifundisha shule, nikaoa, na mashini ya kuandika sikuigusa tena. Kile kitabu ninacho, kiko chini ya sanduku la nguo. Watoto wangu wakiniuliza maana ya neno huwa nawaeleza kwa maneno mengi, narudia, naongeza mifano, natia na jina la mtu na la kilima chake, mpaka mama yao anasema, wee, maliza basi, mutoto aliuliza kintu moja tu.

Siku moja, miaka ya hamsini ikiwa inaelekea mwisho, nilimkuta mama uani anachambua maharage kwenye ungo. Yalikuwa membamba, yamekunjamana, na yeye alikuwa anatenga mabovu kwa kidole kimoja, bila haraka. Nikakaa kumsaidia. Tuliongea habari za kanisa, habari za dada yangu aliyejifungua. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Ile siku kwa biro, ule Muzungu wako aliniuliza maneno. Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

"Sikukuuliza siku ile, ulikuwa na kazi. Mi sikusoma sana, unajua. Nilijibu muzuri?"

Nilishika maharage mkononi nikayaangalia. Mimi, niliyejua kulieleza kila jambo kwa mistari miwili.

"Ulijibu muzuri, mama."

"Nilijua," akasema, na uso wake ukang'aa kabisa. "Alifurahi sana ule Muzungu. Alinifungulia mpaka mulango."